Springi ya paneli ya chini: 200, 400 au 1500, na dampingi kiasi gani?

Hii ni kwa wale mnaotengeneza ile paneli inayopanda kutoka chini ya skrini, iwe ya kuthibitisha malipo, ya kuchagua tarehe, ya komenti, yoyote ile ambayo mtu anaiburuta kwa kidole, anaiachia, halafu yenyewe inamalizia safari. Swali linalorudi kila siku ni namba gani uweke kwenye springi. Nimechukua chaguo nne ambazo mtu wa Compose anakutana nazo mapema tu kwa sababu laibrari imeshazipa majina, nikazipigia hesabu zote kwa paneli moja ile ile ili tuone zinaachana wapi. Watu wa Flutter, iOS na wavuti msiondoke, namba zinahamishika na huko chini naonyesha zinahamishwaje.

Kwanza tuwekane sawa kidogo. Springi ina mambo mawili, ugumu na dampingi. Ugumu ndio unavuta paneli kuelekea lengo, ukiuongeza mvuto unakuwa mkali na safari inakuwa fupi. Dampingi ndio inakula spidi, kama shokapu ya pikipiki, bila hiyo paneli ingecheza juu chini bila kuisha. Compose haikuombi dampingi yenyewe, inakuomba uwiano, `dampingRatio`, ambapo 1 maana yake paneli iliyoachiwa ikiwa imetulia inafika kwenye lengo bila kupitiliza, na chini ya 1 inapitiliza halafu inarudi. Hapo kwenye "iliyoachiwa ikiwa imetulia" ndipo watu wengi wanapopitwa, tutafika.

Kitu kizuri kuhusu springi hizi ni kwamba muda wa safari hautegemei umbali. Paneli ikiwa mbali na lengo dp 300 au dp 30, itafika asilimia 99 ya safari kwa muda ule ule, ila ya mbali itakimbia zaidi. Kwa hiyo pia haijalishi simu ina pikseli nyingi au chache, namba ile ile inatoa mwendo ule ule.

Sasa paneli yetu. Ina urefu wa dp 400. Jaribio la kwanza, mtu anaiachia ikiwa imebakiza dp 300 kufika juu na kidole kimetulia kabisa, yaani spidi sifuri. Jaribio la pili, imebakiza dp 60 tu lakini mtu ameirusha kwenda juu kwa spidi ya dp 2000 kwa sekunde, na huo sio mrusho wa ajabu, kidole gumba kinafika hapo bila shida.

| Springi | Muda wa kutulia ndani ya 1% ya safari, kutoka dp 300 | Spidi ya kilele, kutoka dp 300 | Inapitiliza kiasi gani ikirushwa, imebaki dp 60 |
|---|---|---|---|
| A: ugumu 200, uwiano 1 | sekunde 0.47 | dp 1560 kwa sekunde | dp 14 |
| B: ugumu 400, uwiano 1 | sekunde 0.33 | dp 2200 kwa sekunde | dp 3 |
| C: ugumu 1500, uwiano 1 | sekunde 0.17 | dp 4270 kwa sekunde | haipitilizi |
| D: ugumu 400, uwiano 0.75 | sekunde 0.33 | dp 2640 kwa sekunde | dp 15 |

C ndio difolti ya `spring()` kwenye Compose, ukiita bila kuandika kitu unapata hiyo. A ni `StiffnessLow`, B ni `StiffnessMediumLow`, na D ni hiyo hiyo `StiffnessMediumLow` ikiwekewa `DampingRatioLowBouncy`.

Tuanze na C maana ndio ipo kwenye apu nyingi bila mtu kuichagua. Sekunde 0.17 inasikika vizuri, nani hataki apu ya haraka? Lakini angalia spidi ya kilele. Mtu ameachia paneli taratibu, kidole kimesimama, na ghafla paneli inatoka sifuri mpaka dp 4270 kwa sekunde, na kilele hicho inakifikia ndani ya milisekunde 26, hata fremu mbili hazijaisha kwenye skrini ya 60 Hz. Mkono unasikia kama umenyang'anywa kitu. Halafu piga hesabu ya fremu, safari nzima ni fremu kama 10, na kwenye kilele paneli inaruka karibu dp 71 kati ya fremu moja na inayofuata. Sasa weka hiyo kwenye simu ya bei ya kawaida ambayo wakati huo huo inachora orodha ndefu nyuma ya paneli na inadondosha nusu ya fremu, unabaki na fremu 5, hapo hakuna tena mwendo, kuna paneli ilikuwa chini na sasa iko juu. Ndio maana unaweza kukuta dizaina anasema animesheni haipo na divelopa anaapa ipo, na wote wako sahihi.

Ila C sio mbaya yenyewe kwa yenyewe, ni mbaya kwa umbali huu. Chukua ile swichi ndogo ya kuwasha na kuzima, kitufe chake kinasafiri kama dp 20 tu. Kwa ugumu ule ule wa 1500 kilele chake ni dp 285 kwa sekunde, mwendo wa kawaida kabisa, na hapo ukiweka 400 utaona kitufe kinajivuta. Kwa hiyo kwa vitu vidogo vya safari fupi mimi naacha 1500 bila kufikiria mara mbili, na kwa paneli, droo ya pembeni au picha inayofunguka skrini nzima naishusha.

A iko upande wa pili. Kilele cha dp 1560 ni laini, fremu zinatosha, mwendo unaonekana vizuri hata simu ikichoka. Shida yake ni mbili. Ya kwanza ni mkia, nusu sekunde kwa paneli ambayo mtu anaifungua mara moja kwa wiki ni sawa, ila kwa paneli ya malipo ambayo wakala anaifungua na kuifunga kutwa nzima, ule mwisho wa kujivuta unachosha. Ya pili ni safu ya mwisho kwenye jedwali, A ina uwiano 1, tunaambiwa uwiano 1 haupitilizi, mbona imepitiliza dp 14?

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana maelezo mengi yanaishia kwenye "1 haipitilizi" na kufunga mjadala. Ile ahadi ni ya kitu kinachoanza kikiwa kimetulia. Kikianza na spidi ya kuelekea lengo, kuna mpaka, na mpaka wenyewe ni rahisi, chukua kipeuo cha pili cha ugumu, zidisha na umbali uliobaki. Ugumu 400, kipeuo chake 20, umbali dp 60, jibu ni 1200. Mtu akirusha chini ya dp 1200 kwa sekunde paneli inatua bila kupitiliza, akizidisha hapo inapitiliza hata uwiano ukiwa 1. Kwa A kipeuo ni 14.14, mpaka unashuka mpaka 848, na mrusho wa 2000 unauvuka mara mbili na zaidi. Kwa C kipeuo ni 38.73, mpaka ni 2324, mrusho wa 2000 haufiki, ndio maana haikupitiliza.

Hebu tuone B kwa karibu, dp 60 zimebaki, spidi 2000. Nafasi ya paneli ukihesabu kutoka kwenye lengo, hasi ikiwa chini ya lengo na chanya ikiwa juu yake, ni hii:

```
x(t) = (-60 + 800 t) e^(-20 t)
```

Ile 800 ni 2000 toa 1200, yaani ni ziada ya spidi juu ya mpaka. Paneli inakata lengo pale 800 t inapofika 60, yaani milisekunde 75, inapanda mpaka milisekunde 125 ambapo iko dp 3.3 juu ya lengo, halafu inarudi pole pole. Dp 3 mtu haoni kama kosa, anaona kama uzito. Dp 14 za A anaziona wazi, na anachokiona sio mdundo tu, anaona ufa, kwa sababu paneli ikipanda juu ya lengo, chini yake panabaki nafasi na kile kilichoko nyuma kinachungulia, mstari wa rangi nyingine pale chini kabisa. Ukiona mstari unamulika chini ya paneli kwa fremu chache halafu unapotea, hiyo ndio sababu, usianze kuhangaika na pading. Dawa ni kurefusha mandharinyuma ya paneli kwenda chini kwa dp 40 au 50 nje ya skrini, hakuna anayeyaona mpaka siku paneli inapitiliza. Kuikata isivuke lengo kwa `coerceAtMost` sio dawa, paneli inagonga ukuta na kusimama ghafla, na mkono unausikia huo ukuta.

D sasa. Muda wake na wa B ni ule ule, sekunde 0.33, ila ukishika simu ni vitu viwili tofauti. D ikiachiwa kutoka dp 300 ikiwa imetulia inapitiliza asilimia 2.8, yaani dp 8.5, inarudi. Wapo wanaoipenda kwa sababu ina uhai. Mimi naona ina uhai mahali pasipo na sababu, mtu ameachia kitu kwa upole halafu kinadunda, nguvu hiyo imetoka wapi? Kwenye mkutano wao wa wadivelopa wa mwaka 2018 watu wa Apple walieleza jambo hili vizuri, kwamba uanze na dampingi ya asilimia 100, na mdundo uuweke pale ambapo ishara ya kidole yenyewe ilikuwa na kasi, walitaja asilimia 80 hivi. Nimekuja kuona hiyo ndio njia inayodumu, springi mbili, sio moja, na kinachochagua ni spidi ya kidole wakati wa kuachia.

Kwa hiyo chaguo langu kwa paneli ya dp 300 mpaka 500 ni B kama msingi, na akirusha kwa nguvu uwiano unashuka mpaka 0.85. Kwa nini 0.85 na sio 0.75? Kwa jaribio letu la mrusho 0.85 inapitiliza kama dp 9.5, katikati ya dp 3 za B na 15 za D, na kama imeachiwa mbali, dp 300 kutoka kwenye lengo, kwa spidi ile ile ya 2000 inapitiliza dp 2 tu. Mdundo unaonekana pale tu nguvu ilipobaki nyingi na njia ikawa fupi, ndivyo mkono unavyotarajia.

```kotlin
offset.animateTo(
    targetValue = lengo,
    animationSpec = spring(
        dampingRatio = if (abs(spidi) > kizingiti) 0.85f else 1f,
        stiffness = 400f,
        visibilityThreshold = 0.5f
    ),
    initialVelocity = spidi
)
```

Kizingiti naweka dp 800 kwa sekunde, ukikigeuza kuwa pikseli maana `offset` na `spidi` hapo ziko kwenye pikseli.

Mstari wa `initialVelocity` ndio mstari muhimu kuliko namba zote tulizojadili. Ukiusahau, paneli iliyokuwa inakwenda na kidole kwa dp 1500 inasimama fremu moja, spidi sifuri, halafu springi inaanza kuivuta upya. Ni kigugumizi kidogo sana lakini mtu anakisikia, na ubaya wake ni kwamba divelopa anajaribu kukitibu kwa kuongeza ugumu, 400 inakuwa 800, 800 inakuwa 1500, kwa sababu ugumu mkubwa unafupisha kile kituo. Unaishia na C na bado kigugumizi kipo, kimefichwa tu. Kabla hujagusa ugumu chapisha spidi unayoipa springi kwenye logi, urushe paneli, uone kama ni 0.

Na kinyume chake pia kipo, spidi ya uongo. Ukijihesabia mwenyewe kwa kuchukua umbali wote wa kuburuta ukagawanya kwa muda wote, mtu anayeburuta haraka halafu akatulia nusu sekunde kabla ya kuinua kidole atapewa spidi ambayo hana, paneli itaruka kama amerusha. Spidi inayotakiwa ni ya milisekunde chache za mwisho, na `VelocityTracker` inaifanya kazi hiyo, ile `velocity` unayopewa kwenye `onDragStopped` imeshapita huko. Itumie hiyo hiyo.

Ile `visibilityThreshold` nayo ina kisa chake. Springi kihesabu haifiki kamwe, inakaribia tu, kwa hiyo laibrari inaamua lini iseme imeisha, na difolti kwa namba za kawaida ni 0.01. Kama unahesabu kwa pikseli, hiyo ni sehemu ya mia ya pikseli moja, jicho gani linaona? Kwa B kwenye simu ambayo dp moja ni pikseli mbili, safari ya dp 300 inaisha machoni kwenye sekunde 0.33, lakini `animateTo` inarudi kwenye sekunde 0.69 hivi. Ukiweka 0.5 inarudi kwenye 0.47. Dalili yake ni ya kushangaza kidogo kama huijui, paneli imeshatulia, mtu anabonyeza batani ya kulipa na haijibu, anabonyeza tena ndio inajibu, kumbe kuna msimbo unaowasha batani baada ya animesheni kuisha. Hapo watu wanaongeza ugumu tena, wakati tatizo liko kwenye mstari mwingine kabisa. Na kwa kweli batani isingoje animesheni hata kidogo, ila hiyo ni vita nyingine.

Tuje kwenye kuburuta kwenyewe, kidole kikiwa bado kwenye skrini. Kuna wanaoweka springi hapo pia, wanataka paneli ifuate kidole kwa ulaini. Hesabu inakataa. Kitu kinachofuata lengo linalotembea kwa spidi moja kinabaki nyuma kwa umbali ambao ni mara mbili ya uwiano, mara spidi, gawanya kwa kile kipeuo cha ugumu. Kwa B na kidole cha dp 1000 kwa sekunde, paneli inabaki nyuma dp 100. Mia nzima! Kidole kiko juu ya jina la mpokeaji na paneli iko chini huko. Hata ukipanda mpaka `StiffnessHigh`, ambayo ni 10000, unabaki nyuma dp 20. Wakati wa kuburuta tumia `snapTo`, paneli iende na kidole pikseli kwa pikseli, springi ianze kidole kikiinuka. Na mtu akiishika tena paneli ikiwa njiani, `snapTo` hiyo hiyo inasimamisha springi na kidole kinachukua usukani hapo hapo ilipo, usiruhusu iruke kwenda kwenye lengo kwanza.

Sasa kuhamisha namba, maana dizaina anaweza kukupa za iOS na wewe uko Android, au kinyume chake. Kwenye SwiftUI ugumu unafichwa ndani ya `response`, ambayo ni muda. Kanuni ni hii:

```
stiffness = (2π / response)²
damping   = 2 · dampingRatio · √(stiffness · mass)
```

Mstari wa kwanza unachukulia uzito, yaani `mass`, kuwa 1, ambavyo ndivyo Compose inavyofanya. `response` ya 0.3 ni ugumu wa 439 hivi, kwa hiyo B yetu ni kama 0.31 kwa watu wa iOS, A ni 0.44 na C ni 0.16. `dampingFraction` yao ni uwiano wetu ule ule, haibadiliki, na wakikupa `bounce` ya 0.15 basi uwiano ni 0.85.

Mstari wa pili ni wa Flutter na wa laibrari nyingi za wavuti, na hapa kuna mtego mkubwa. Kule ile `damping` sio uwiano, ni dampingi ghafi, na inahusiana na ugumu. B kwa Flutter ni `stiffness` 400 na `damping` 40. Ukiona paneli ni nzito ukapandisha ugumu peke yake mpaka 1500 ukaiacha 40 ilipo, uwiano umeshuka mpaka 0.52 bila wewe kuugusa, na paneli ya dp 300 sasa inapitiliza dp 45. Umeomba haraka umepewa mdundo. Kwa ugumu wa 1500 uwiano 1 unadai dampingi ya 77.5. Ndio maana kwenye Flutter napendekeza bila kusita njia hii, unampa uwiano na yeye anahesabu:

```dart
final springi = SpringDescription.withDampingRatio(
  mass: 1, stiffness: 400, ratio: 1,
);
final y = SpringSimulation(springi, mwanzo, lengo, spidi);
```

Na mtu wa Flutter aangalie vipimo. `AnimationController` ya kawaida inakwenda 0 mpaka 1, lakini `details.velocity.pixelsPerSecond.dy` inakuja kwa pikseli. Ukiipeleka 1500 hivyo hivyo, springi inaelewa paneli inakwenda mara 1500 ya urefu wake kwa sekunde. Gawanya kwa urefu wa paneli, 1500 gawanya kwa 400 ni 3.75, hiyo ndio spidi ya kupeleka. Angalia na alama pia, `dy` ni chanya kidole kikienda chini wakati kontrola yako labda inahesabu kupanda kama chanya. Alama ikigeuka unaona paneli inarudi kinyume na kidole kidogo halafu ndio inakwenda, na mrusho ukiwa mkali zaidi inarudi zaidi. Dalili hiyo ukiiona usitafute kwingine.

Kabla ya springi kuna uamuzi mmoja ambao springi haiwezi kuurekebisha, lengo lenyewe, iende juu au irudi chini? Apu nyingi zinaangalia paneli iko wapi, imepita nusu au haijapita. Mtu aliyeipandisha dp 100 kati ya 400 akarusha kwenda juu kwa 1500, kwa kipimo hicho inarudi chini, na hakuna ugumu wala dampingi itakayomfanya aridhike, alirusha juu imeenda chini. Badala yake kadiria ingefika wapi kama ingeachwa iteleze. Kwa `decelerationRate` ya 0.99, ile ya haraka ya iOS, kila dp 1000 za spidi zinaongeza dp 99, kwa hiyo 1500 zinaongeza kama 148, jumla 248, imevuka 200, iende juu. Ukitumia ile ya kawaida ya 0.998 makadirio yanakuwa kama mara tano ya hapo, 1500 inaongeza karibu dp 750, na kwa paneli fupi hiyo ni hatari, mguso mdogo tu unaifunga. Kwa paneli ya malipo nabaki na 0.99.

Kwa safari ya kufunga, paneli ikienda nje ya skrini, mambo ni mepesi. Kupitiliza hakuonekani, kwa hiyo uwiano 1 unatosha siku zote, na ugumu waweza kupanda mpaka 600 au 700 maana mtu ameshamaliza nayo. Ila spidi ya kidole bado ipelekwe.

Ukitaka kujaribu kwa mkono, chukua simu ya 60 Hz, sio ile yako ya 120, na fanya mambo matatu. Burutia katikati, tulia, achia, uangalie kama inakunyang'anya. Irushe kwa nguvu ikiwa imebakiza kidogo kufika juu, macho yakiwa chini kabisa ya skrini, utafute ule mstari unaomulika. Halafu irushe na uishike ikiwa njiani, uitupe upande wa pili. Rekodi skrini, ucheze fremu moja moja, uandike nafasi ya paneli kwenye fremu tatu kabla ya kidole kuinuka na tatu baada. Kama kabla ilikuwa inakwenda dp 25 kwa fremu na baada ya kuachia fremu ya kwanza ni dp 2, spidi haijapelekwa. Kama ilikuwa dp 5 na sasa ni 60, ugumu umezidi. Kama inatoka 25 kwenda 27 au 24 hivi na kushuka taratibu kutoka hapo, acha namba zako zilivyo.